Uzembe na wajibu wa uangalifu: kesi ya Bourhill dhidi ya Young

Katika sheria ya madai, uzembe hauthibitiki kwa kuonyesha tu kwamba dereva alikwenda kasi. Mdai huonyesha kwanza kwamba dereva huyo alikuwa na wajibu wa uangalifu kwake yeye, kisha kwamba aliuvunja, na kwamba madhara yalitokana na uvunjaji huo.

Mfano mzuri ulitokea Edinburgh, Oktoba 1938. John Young, akiendesha pikipiki kwa kasi, aliipita tramu iliyosimama, akagongana na gari lililokuwa likikata kona, akafa. Bi. Bourhill, mchuuzi wa samaki mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa upande wa pili wa tramu akichukua kapu lake. Hakuiona ajali, alisikia kishindo tu, umbali wa mita 15 hivi. Baadaye aliona damu barabarani. Mtoto wake alizaliwa mfu, naye akaishtaki mirathi ya Young.

Baraza la Malodi lilimkatalia mwaka 1942. Young alikuwa mzembe kwa dereva wa gari, lakini hakuweza kutarajia kwamba mtu aliyekingwa na tramu, asiye katika hatari ya kugongwa, angeumia kwa mshtuko.

Wanafunzi wengi hukwama hapa, na si ajabu, maana hukumu inauma. Uzembe wa Young kwa dereva haukuweza kuazimwa na Bi. Bourhill. Angesimama kwenye njia ya pikipiki ile, wajibu ungekuwapo.