Gharama za shauri: deni linaloamuliwa mara mbili

Hukumu ya madai mara nyingi humalizika kwa sentensi fupi: "Shauri limetupwa kwa gharama." Mkulima wa Ikungi aliyeshindwa mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Singida, husikia hapo kwamba sasa anadaiwa kila shilingi aliyoitoa mwenzake kwa wakili. Aliyeshinda naye husikia hivyo hivyo, akaanza kuhesabu fedha zitakazorudi. Wote wawili wanakosea, na sehemu ya lawama ni ya istilahi yenyewe. Katika usemi wa kila siku, gharama ni chochote kilichokutoka mfukoni. Mahakamani, gharama za shauri ni ile sehemu tu ambayo chombo cha sheria kimeruhusu mshindi arudishiwe na mshindwa. Ada uliyokubaliana na wakili wako ni mkataba wenu wawili. Mpinzani wako hakuutia saini, wala kiwango chake hakimfungi.

Kwa hiyo nashauri tafsiri ya istilahi hii itenganishe maamuzi mawili ambayo Kiswahili cha hukumu huyameza kwa pamoja. Uamuzi wa kwanza ni nani alipe. Huo ndio amri ya gharama, na hutolewa na hakimu, jaji au mwenyekiti ndani ya hukumu. Uamuzi wa pili ni kiasi gani. Huo huja baadaye, kwa maombi ya pekee, mbele ya ofisa wa kukadiria gharama: katika Mahakama Kuu ni msajili au naibu wake, na katika Baraza kazi hiyo kwa kawaida humwangukia mwenyekiti. Kiingereza huita hatua hii ya pili kwa neno lile lile la utozaji kodi, na nimeona tafsiri zinazoingiza "kodi" humo. Hakuna kodi hapo, wala serikali haipati kitu. "Ukadiriaji" unatosha.

Uamuzi wa kwanza unatawaliwa na kifungu cha 30 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Kifungu hicho kinaipa mahakama hiari kamili ya kusema nani alipe, kutoka katika mali gani na kwa kadiri gani. Lakini ikiamua kwamba gharama zisimfuate aliyeshindwa, iandike sababu. Mazoea, basi, ni kwamba mshindwa hulipa, na kuepuka mazoea hayo kunahitaji hoja. Hapa ndipo wengi hupoteza nafasi. Wanapambana juu ya mpaka wa shamba hadi neno la mwisho, na juu ya gharama hawasemi lolote. Sababu zinazokubalika zipo: wadaawa ni ndugu wa damu, mshindi alichelewesha shauri mwenyewe, au shauri limeangushwa na hoja iliyoibuliwa na mahakama yenyewe bila upande wowote kuiomba. Kwa sababu hii ya mwisho Mahakama ya Rufani imeacha mara nyingi kutoa amri ya gharama. Hukumu ikiwa kimya kuhusu gharama, mshindi hana cha kupeleka kukadiriwa.

Uamuzi wa pili unaongozwa na Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, Tangazo la Serikali Na. 264. Mshindi ana siku 60 tangu amri ya gharama kutolewa awasilishe ankara yake. Akipitisha muda, lazima kwanza aombe kuongezewa. Tuchukue mfano wa kubuni wa shauri la shamba la alizeti, na tuache kando ada za mahakama. Ankara inadai shilingi 5,400,000: ada ya wakili 3,500,000, mahudhurio 12 kwa 80,000 kila moja, yaani 960,000, nauli na nakala 740,000, na kuandaa ankara yenyewe 200,000. Mshindwa aliyekwenda na mwenendo wa shauri mkononi anaonyesha kwamba katika mahudhurio 3 kati ya hayo 12 wakili hakufika, zinaondoka 240,000. Nakala za 300,000 hazina risiti, nazo zinafutwa. Ofisa anaona shauri lilikuwa jepesi, lenye mashahidi wachache, anaishusha ada hadi 2,000,000. Vilivyokatwa vinafika 2,040,000. Sasa sheria ya moja ya sita inaingia: kinachokatwa kikizidi moja ya sita ya ankara, ambayo hapa ni 900,000, aliyeileta hapati gharama za ukadiriaji huo. Zile 200,000 nazo zinakwenda. Deni linabaki 3,160,000.

Angalizo moja katika mfano huo. Kudai risiti ya ada ya wakili hakusaidii sana, kwani Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba ada hiyo hukadiriwa kwa viwango vya Amri na uzito wa shauri, si kwa risiti. Risiti ni silaha dhidi ya matumizi mengine. Asiyeridhika na makadirio ana siku 21 za kupeleka suala kwa jaji, ingawa jaji hagusi kiasi ila pale palipo na kosa la msingi au kiwango kilichokithiri waziwazi.

Kuna watakaosema kanuni nzima ya mshindwa kulipa ni kandamizi: mnyonge mwenye haki ataogopa kudai shamba lake akijua akishindwa atalipia mawakili wa pande mbili. Pingamizi hili lina uzito, na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililijua mwaka 1972 katika shauri la Premchand Raichand iliposema gharama zisipandishwe hadi mahakama zikawa za matajiri peke yao. Lakini shauri hilo hilo lilisema pia kwamba mshindi arudishiwe kwa haki. Tukiifuta kanuni, kila upande ukajilipia kama ilivyo kawaida Marekani, anayeburuzwa barazani bila sababu juu ya shamba lake halali atauza mbuzi kujitetea na asirudishiwe hata mmoja. Mashauri ya kazi yamepewa njia yao: Mahakama ya Kazi haitoi amri ya gharama isipokuwa kwa aliyeleta upuuzi au usumbufu. Sheria ya ardhi haikwenda huko, nami sioni kwamba ilikosea.

Kupunguza hatari, hata hivyo, huanza kabla ya hukumu. Tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, lina siku 30, na wakili hana nafasi humo. Mgogoro ukiishia hapo ankara ya wakili haizaliwi. Katika dai la fedha ipo njia isiyotumiwa vya kutosha, Amri ya XXIV ya Sura ya 33. Mnunuzi wa alizeti anayedaiwa 9,000,000 na kuamini anadaiwa 6,000,000 anaweza kuziweka hizo 6,000,000 mahakamani. Mdai akizichukua kama sehemu tu ya deni na kuendelea na shauri, kisha mahakama ikaona zilitosha, ni mdai atakayelipa gharama zilizofuata baada ya fedha hizo kuwekwa. Mgogoro wa mpaka hauna fedha za kuweka, lakini kukubali mapema sehemu isiyobishaniwa hupunguza mahudhurio, na mahudhurio ndiyo hujaza ankara.

Na deni likishakadiriwa, kukazia hukumu kuna mipaka. Kifungu cha 48 cha Sura ya 33 kinakinga vyombo vya kupikia, nyumba anamoishi mdaiwa na familia yake, na kwa mkulima, zana, mifugo na mbegu ambazo mahakama itaona anazihitaji ili aishi. Tukirudi kwenye sentensi ya mwisho ya hukumu, ningependa isomeke hivi: "Mdai atamlipa mdaiwa gharama za shauri kwa kiasi kitakachokadiriwa." Ni maneno machache zaidi ya yale tuliyozoea, lakini yanamwambia mshindwa kwamba bado kuna siku nyingine ya kufika na kupinga.