Mvunjiko Wazi: Daraja Ni la Nyama, Si la Mfupa

Mtu akisoma kwenye faili la mgonjwa maneno “mvunjiko wazi wa daraja la tatu”, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba mfupa umevunjika vibaya mara tatu kuliko ule wa daraja la kwanza. Wazo hilo si sahihi, na istilahi yenyewe ndiyo inayolizaa. Mvunjiko wazi ni ule ambao mahali mfupa ulipovunjika pameungana na nje kupitia jeraha, hata likiwa tundu dogo kama punje ya hindi. Daraja linalotajwa halipimi mfupa. Linapima hali ya vitu vilivyouzunguka: ngozi, misuli, kano, mishipa ya damu, na utando unaoufunika mfupa wenyewe. Vyote hivi kwa pamoja huitwa tishu laini. Ninachodai ni kwamba Kiswahili kikiyaacha maneno “uharibifu wa tishu laini” nje ya jina, kimeacha neno ambalo uchaguzi wa antibiotiki hulitegemea.

Mpangilio unaotumiwa zaidi duniani ulitolewa mwaka 1976 na Ramon Gustilo na John Anderson, waliochambua mivunjiko wazi 1,025 ya mifupa mirefu huko Minneapolis, Marekani. Katika daraja la kwanza jeraha ni safi na halifiki sentimita 1. Katika la pili linazidi sentimita 1, lakini nyama haijapondeka sana wala ngozi haijachunika. La tatu ni la uharibifu mkubwa, na huingizwa humo pia jeraha lililochafuliwa kwa udongo wa shambani na mfupa uliokatika vipande kwa nguvu kubwa, hata tundu la ngozi likiwa dogo. Mwaka 1984 Gustilo na wenzake waliligawa daraja la tatu: 3A, ambapo nyama iliyobaki inatosha kuufunika mfupa, 3B, ambapo utando wa mfupa umebanduka, mfupa uko nje, na itabidi nyama na ngozi zihamishwe kutoka sehemu nyingine ili kuufunika, na 3C, ambapo mshipa wa ateri umekatika na lazima uungwe. Katika taarifa hiyo maambukizi yalikuwa asilimia 4 kwa 3A na asilimia 52 kwa 3B. Tofauti hiyo imetokana hasa na kilichobaki kuuzunguka mfupa.

Sababu yake inaeleweka. Dawa hufika kwenye jeraha kwa njia ya damu. Msuli uliopondeka na kufa haupitishi damu, kwa hiyo bakteria waliomo humo hula na kuzaana mahali ambapo dawa haiwafikii. Zaidi ya hayo, kadiri jeraha linavyokuwa kubwa na chafu, ndivyo wanavyobadilika walioingia. Jeraha dogo hutishiwa hasa na bakteria wa ngozi, wengi wao stafilokoki, walio wa kundi la Gramu chanya. Jeraha lililopondeka huongezewa wale wa Gramu hasi, na udongo wenye kinyesi huleta klostridia, wanaostawi pasipo na hewa. Ndiyo maana madaraja mawili ya kwanza hupewa sefazolini peke yake, daraja la tatu huongezewa dawa ya kuwakabili Gramu hasi kama jentamisini, na panapohofiwa klostridia huongezwa penisilini kwa kipimo kikubwa. Muda nao hufuata daraja. Katika la kwanza na la pili dawa husimamishwa saa 24 baada ya jeraha kufungwa. Katika la tatu haipaswi kupita saa 72 tangu ajali, au saa 24 baada ya mfupa kufunikwa.

Tuchukue mfano wa mwendesha bodaboda aliyegongwa na gari akaangukia kwenye mtaro kando ya zizi la ng’ombe. Kwenye muundi wake kuna tundu la milimita 8 linalochuruzika damu. Anayepima tundu peke yake ataandika daraja la kwanza na sefazolini. Lakini picha ya eksirei inaonyesha mfupa uliopasuka vipande kadhaa, ishara ya nguvu kubwa, na matope ya zizi yameingia ndani. Hayo yanatosha kumweka katika daraja la tatu. Katika chumba cha upasuaji jeraha linapanuliwa, na msuli unakaguliwa kwa mambo manne: rangi yake, uimara wake, kama unasinyaa ukibanwa, na kama unatoka damu ukikatwa. Mwingi umekuwa mweusi, hausinyai wala hautoki damu, na utando wa mfupa umebanduka. Baada ya nyama mfu kuondolewa, mfupa unabaki wazi. Hii ni 3B, na mgonjwa anahitaji dawa tatu wala si moja.

Kuna atakayepinga: ikiwa daraja halijulikani hakika mpaka upasuaji, litaongozaje dawa inayotakiwa mara moja? Jibu ni kwamba dozi ya kwanza haisubiri daraja. Sefazolini, gramu 2 kwa mtu mzima, hutolewa mgonjwa anapofika, kwa sababu kila mvunjiko wazi unaihitaji. Katika jaribio la Patzakis na wenzake la mwaka 1974, maambukizi yalikuwa asilimia 13.9 kwa wasiopewa antibiotiki, 9.7 kwa waliopewa penisilini na streptomisini, na 2.3 kwa waliopewa sefalothini, dawa ya ukoo mmoja na sefazolini. Kinachoamuliwa na daraja ni nyongeza na muda. Uamuzi huo una uzito kwa sababu jentamisini inaweza kudhuru figo, na haifai kumwagwa kwa kila jeraha kwa hofu tu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwaka 1994 Brumback na Jones waliwaonyesha madaktari wa mifupa 245 video za mivunjiko wazi 12 ya muundi, na makubaliano yao juu ya daraja yalikuwa wastani wa asilimia 60. Je, kipimo kinachoyumba hivyo kinastahili kutafsiriwa kwa makini? Naona kinastahili zaidi. Nambari ikisimama peke yake, kila mmoja huijaza kwa anachokiona, na macho mengi huishia kwenye urefu wa jeraha. Jina likitaja tishu laini, humrudisha msomaji kwenye msuli na utando wa mfupa.

Basi kwa nini “daraja”, si “aina” wala “hatua”? “Aina” hutenganisha vitu bila kuvipanga, kama aina za samaki, na hapa mpangilio wa kupanda ndio unaobeba maamuzi ya dawa. “Hatua” inadokeza kwamba jeraha husonga kutoka la kwanza hadi la tatu, kama saratani inavyosonga, ilhali jeraha huzaliwa na daraja lake siku ya ajali. Upasuaji hulifichua tu. Nakiri kwamba “daraja” nalo lina kasoro: 3C ilikuwa na maambukizi asilimia 42, chini ya 3B, kwa kuwa C hutaja ateri na hatari ya kupoteza mguu kuliko wingi wa bakteria. Lakini kasoro hiyo iko katika mpangilio wenyewe, na tafsiri haina ruhusa ya kuificha. Kwa hiyo faili la yule mwendesha bodaboda liandikwe hivi: “mvunjiko wazi wa muundi, uharibifu wa tishu laini daraja la 3B, udongo wa zizi”. Muuguzi wa zamu ya usiku akiusoma mstari huo ataelewa kwa nini jentamisini na penisilini zimeandikwa, na atajua kwamba saa zinazohesabiwa zinahusu kufunikwa kwa mfupa, si kuunga kwake.