Tarehe ya mwisho imepita jana: namna ya kuuliza kwa imeili kama nafasi ya kazi ingali wazi

Hapa Bukavu matangazo mengi ya kazi hutufikia kwa WhatsApp, kisha kupita kwa watu kumi. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma tangazo jumamosi asubuhi na kukuta limefungwa ijumaa. Wengi hufuta tu. Lakini tarehe kupita na nafasi kufungwa si kitu kimoja kila mara.

Tuchukue mfano. Shirika moja linatafuta msaidizi wa logistika. Tangazo linasema « Date limite »: ijumaa tarehe 14, 17h00. Kijana wa Kadutu analipata ijumaa 17h20.

Kwanza aangalie ni saa ya wapi. Kama tangazo linasema saa ya Kinshasa, 17h00 ya kule ni 18h00 ya kwetu, kwa hiyo angali na dakika 40. Kwa shirika linalohesabu saa ya New York, tofauti ni kubwa zaidi: 23h59 ya kule ni 05h59 ya kesho yake Bukavu, ao 06h59 wakati wa baridi yao. Lakini kama hakuna saa ya mji mwingine iliyoandikwa, asijidanganye: ahesabu saa ya Bukavu.

Sasa tuseme ni saa ya Bukavu, na amechelewa. Kabla ya kuandika, afungue ukurasa ambako tangazo lilitoka kwanza, si picha ya WhatsApp. Tarehe husogezwa mara na mara, zaidi sana dosie zikiwa chache ao wanawake wasipoomba. Hapo ataona « Avis de prolongation » ao tarehe mpya. Kama ombi linajazwa kwenye fomu ya mtandao na fomu imefungwa, imeili kwa kawaida haitamufungulia tena. Na tangazo likisema wazi kwamba dosie za kuchelewa hazitapokelewa, aachane nalo.

Kama dosie zinatumwa kwa imeili, hapo kuna nafasi ndogo lakini ya kweli. Mara nyingi dosie hazifunguliwe usiku uleule. Mwenye kuzichambua anaanza jumatatu ao siku nyingine ya kazi. Kwa hiyo jumamosi ni afazali kuliko jumatatu mchana.

Watu wengine hutuma swali tupu: « Nafasi ingali wazi? » Kwa maoni yangu ni kupoteza zamu. Anayesoma angelazimika kujibu, kungoja, kisha kufungua imeili ya pili. Uliza na uambatanishe dosie palepale, katika PDF moja. Kwenye « Objet » andika jina la kazi na namba ya tangazo kama vilivyoandikwa, juu ndivyo wanavyozitafuta. Tuma kwa anwani ya tangazo, si kwa mkubwa unayemujua. Kama tangazo liliomba nakala kwa ONEM, iweke pia.

Imeili yenyewe iwe fupi, kwa luga ya tangazo, na kwetu mara nyingi ni Kifaransa. Maana yake iwe hivi: « Bwana ao Bibi, tangazo lenu lilinifikia ijumaa jioni, kisha saa ya mwisho. Naomba kujua kama mungali munapokea dosie. Yangu iko hapa pamoja na imeili hii, kama ingali inaweza kusomwa. Asante. » Basi. Umeme wa SNEL na koneksio mbaya wanavijua, hawahitaji habari ndefu. Na usirudishe nyuma tarehe ya barua ya kuomba kazi: imeili inabeba saa yake yenyewe, na barua ya tarehe 13 iliyofika tarehe 15 inaonekana mara moja.

Kisha, soma jibu vizuri. Ujumbe unaorudi dakika ileile, « tumepokea imeili yako », unatumwa na mashine. Anwani inaweza kupokea hata mwezi mzima kisha kazi kupewa mtu. Jibu la kweli linataja nafasi yako ao linaomba kitu fulani. Usipopata kitu kwa siku tatu za kazi, unaweza kuuliza mara moja tena. Kama tangazo lilisema wataitwa tu waliochaguliwa, basi kimya ndilo jibu lenyewe.

Kuna jibu moja la kuogopa: « Nafasi ingali, lakini tuma dola 20 za dosie kwa Airtel Money. » Matapeli huchukua tangazo la zamani, wakabadilisha tarehe na anwani tu, juu wanajua mwenye kuchelewa ana haraka. Linganisha anwani, herufi kwa herufi, na ile ya ukurasa wa shirika. Zikiachana, ao wakiomba feza, usitume kitu, hata kopi ya kadi ya mchaguzi.