Kura ya 1989 na vita ya kugawana mawimbi ya simu

Mwanzoni mwa mwaka 1989 kampuni za simu za mkononi za Marekani zilikutana kuamua jambo moja: watu wengi watatumiaje mawimbi yaleyale bila kuingiliana? Mtandao wao wa kwanza, uliozinduliwa Chicago Oktoba 13, 1983, ulikuwa umeanza kuelemewa. Mjini watu walibonyeza namba na kuambulia mlio wa kwamba njia zimejaa.

Mtandao huo ulifuata njia kongwe kuliko zote, mgawo wa masafa. Guglielmo Marconi alishapata hataza yake ya kutenganisha vituo kwa masafa mwaka 1900, ile maarufu yenye namba 7777, na mpaka leo redio zetu za FM zinaishi hivyo: kila kituo na namba yake. Kwenye simu za Chicago kila mpigaji alipewa kipande cha masafa chenye upana wa kilohezi 30. Kilikuwa chake mpaka akate simu, hata akinyamaza dakika nzima akitafuta miwani.

Ubaya wa njia hii hauonekani mpaka upige hesabu. Kampuni moja ilikuwa na chaneli 395 za maongezi. Ungedhani watu 395 wanaweza kuzungumza kwa pamoja kwenye kila mnara. La. Mnara ukitumia chaneli fulani, minara jirani haiwezi kuitumia, maana sauti zingegongana mpakani. Ilibidi chaneli zigawanywe katika mafungu 7, kila mnara fungu lake, na fungu lirudiwe mbali. Gawa 395 kwa 7, unapata 56. Watu 56 tu kwa mnara, katika jiji la mamilioni. Hiyo 7 ndiyo namba ya kuikumbuka, kwa sababu ugomvi wote uliofuata ulikuwa juu yake, ingawa wengi walidhani wanagombania kitu kingine.

Waliokutana mwaka 1989 walikuwa na mapendekezo mawili mezani. Motorola ilitaka kuendelea na mgawo wa masafa, ila vipande viwe vyembamba zaidi. Wengine walitaka mgawo wa muda: kilohezi 30 zilezile zitumiwe na watu watatu kwa zamu za haraka mno, kila mmoja akiamini njia ni yake peke yake. Muda ulishinda.

Wazo la zamu nalo halikuwa geni. Mfaransa Émile Baudot alilitumia kwenye telegrafu miaka ya 1870. Makarani kadhaa waliketi na vibao vya vitufe vitano kila mmoja, na brashi iliyozunguka kwenye sahani ikawa inaunganisha waya na karani mmoja baada ya mwingine. Karani alisikiliza mlio wa mashine kujua zamu yake imefika, kisha akabonyeza. Aliyechelewa, herufi yake iliharibika. Mgawo wa muda haujabadilika tangu hapo: masharti yake ni saa.

Waliofikisha saa hiyo mbali zaidi ni Wazungu wa Ulaya kwa GSM, iliyoanza kutumika kibiashara Finland Julai 1, 1991, waziri mkuu wa zamani Harri Holkeri alipopiga simu ya kwanza. GSM inachanganya njia mbili. Masafa yanakatwa vipande vya kilohezi 200, kisha kila kipande kinagawanywa zamu 8. Mzunguko mzima wa zamu hizo unachukua milisekunde 4.615, na simu yako inapata mikrosekunde 577 tu za kusema, inanyamaza, inasubiri wenzake saba, inasema tena. Inawaka na kuzima mara 217 kwa sekunde. Msomaji aliyewahi kuweka Nokia karibu na redio anaujua mdundo huo. Ule mkwaruzo uliotangulia kuita kwa simu, uliowafanya watangazaji waombe wageni wao wazime simu studioni, ulikuwa sauti ya mgawo wa muda ikipenya kwenye spika.

Deni la saa linaonekana wazi zaidi ukienda mbali. Mawimbi yana kasi kubwa, lakini hayafiki papo hapo: simu iliyo mbali, ujumbe wake unachelewa kufika na kumwingilia mwenye zamu inayofuata. Kwa hiyo mnara unaiamuru simu ianze kusema mapema kidogo, kwa hatua zisizozidi 63, kila hatua ikiwa sawa na umbali wa mita 550 hivi. Zidisha, unapata takriban kilomita 35. Mvuvi aliye kilomita 40 baharini, bila kilima cha kumkinga, anaweza kuona kiooni mwa simu yake alama za mnara wa pwani na bado simu ikakataa kutoka. Nguvu anayo, ila zamu yake imepita. Kampuni zilizotaka kumfikia zililazimika kumpa kila mtu zamu mbili badala ya moja, yaani kupoteza nusu ya nafasi.

Turudi Marekani. Miezi michache baada ya kura, Irwin Jacobs wa Qualcomm, kampuni changa ya San Diego iliyoanzishwa 1985, alikuja na pendekezo ambalo wengi walilisikia kama mzaha. Msigawane masafa, alisema, wala muda. Wote waseme kwa pamoja, kwenye masafa yaleyale, muda wote, ila kila mmoja awe na msimbo wake.

Inawezekanaje? Tuchukue mfano mdogo. Asha amepewa msimbo wa alama nne: +1, +1, −1, −1. Juma amepewa +1, −1, +1, −1. Anayetaka kusema "ndiyo" anatuma msimbo wake ulivyo. Anayetaka kusema "hapana" anaugeuza. Asha anasema ndiyo, kwa hiyo anatuma +1, +1, −1, −1. Juma anasema hapana, anatuma −1, +1, −1, +1. Hewani vinajumlika, na kinachopokelewa ni 0, +2, −2, 0. Ukikitazama hakina maana yoyote. Sasa zidisha kila alama kwa msimbo wa Asha kisha jumlisha: 0 + 2 + 2 + 0, jibu ni +4, yaani ndiyo. Rudia kwa msimbo wa Juma: 0 − 2 − 2 − 0, jibu ni −4, hapana. Wamesema kwa pamoja na kila mmoja amesikika. Katika mfumo wa Qualcomm alama zilikuwa 1,228,800 kwa sekunde, zikitapakaa kwenye upana wa megahezi 1.25.

Novemba 7, 1989 Jacobs aliwaita wakubwa wa sekta hiyo San Diego waone kwa macho yao. "Simu" yenyewe ilikuwa mitambo iliyojaza gari. Alipokuwa anamalizia hotuba, mhandisi wake alimpa ishara aendelee kuongea: mitambo ilikuwa imekosa ulinganifu wa saa kutoka kwenye setilaiti za GPS. Jacobs akaongea, akaongea, mpaka hitilafu ikaondolewa na onyesho likafanikiwa.

Wapinzani hawakuridhika, na hoja yao ilikuwa na uzito. Chukua watu wawili, mmoja mita 100 kutoka mnarani, mwingine kilomita 3. Mjini, nguvu ya mawimbi hupungua takriban kwa umbali uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Wa mbali yuko mara 30 zaidi. 30 ikizidishwa hivyo inatoa 810,000. Kelele za jirani ni mara 810,000 ya sauti ya yule wa mbali, wakati msimbo unamwongezea mtu nafasi ya kusikika mara 128 tu. Na hesabu safi ya Asha na Juma inadai alama zao zifike kwa wakati mmoja kamili, jambo ambalo simu zilizotawanyika mtaani haziwezi. Mtu mmoja aliye chini ya mnara angewazima wote.

Jibu la Qualcomm ndilo lililoamua kesi. Mnara uliipa kila simu amri mara 800 kwa sekunde: punguza nguvu, ongeza nguvu, punguza tena, ili wote wafike mnarani wakiwa na nguvu sawa. Kila njia, basi, ina deni lake. Masafa yanadai vichujio na nafasi tupu, muda unadai saa, na msimbo unadai nidhamu ya nguvu isiyolegea hata kidogo. Na hata isipolegea, njia hii ina tabia ya ajabu: mteja wa pembezoni anapoteza mawimbi jioni watu wanapokuwa wengi na kuyapata tena usiku, bila mnara kuguswa, kwa sababu eneo la mnara hujikunja watumiaji wakiongezeka.

Lakini faida ilikuwa kubwa, nayo ni ile 7. Kwa kuwa minara jirani hutenganishwa kwa misimbo, masafa yote yanatumika kila mahali. Saba ikawa moja. Hapo ndipo uwezo wa ziada ulipotoka, ingawa ahadi za mwanzo zilizidi kilichopatikana.

Mfumo huo wa misimbo, CDMA, ulianza kibiashara Hong Kong 1995 na Korea Kusini 1996, ukaenea Marekani. Huku kwetu ulikuja kupitia TTCL na Zantel, na Telkom Kenya kwa simu za mezani zisizo na waya, ila haukuota mizizi. Kwa maoni yangu hesabu za mawimbi hazikuhusika. Simu za GSM zilikuwa tele na za bei nafuu, unabadilisha laini na kuhama kampuni. Simu ya CDMA ilikufunga kwa aliyekuuzia. Hata hivyo GSM yenyewe ilisalimu amri kimyakimya: mwaka 1998 Ulaya ilichagua misimbo kwa ajili ya 3G. Wengi waliowahi kuona 3G kwenye simu zao Dar au Mombasa walikuwa wakitumia mgawo wa msimbo bila kujua.

Kisha 4G ikarudi nyuma, au tuseme ikarudi kwa akili zaidi. Intaneti ya kasi ilihitaji kumpa mtu mmoja nafasi kubwa kwa kitambo kifupi, na misimbo haikuwa rahisi kwa kazi hiyo. Masafa yakakatwa nyuzi za kilohezi 15, zikagawiwa upya kila milisekunde 1: masafa na muda kwa pamoja. Kampuni ya Verizon ya Marekani, ngome ya misimbo, ilizima mtandao wake wa CDMA mwisho wa 2022.

Misimbo haikufa. Setilaiti zote za GPS hutangaza kwenye megahezi 1575.42, zote kwa pamoja, na simu yako huzitenganisha kwa msimbo wa alama 1,023 wa kila moja. Ziko juu kilomita 20,200, kwa hiyo hakuna iliyo jirani ya kuzizima nyingine, na lile tatizo la mita 100 na kilomita 3 halipo kabisa. Warusi walipojenga GLONASS kwa kazi hiyohiyo walichagua mgawo wa masafa, kila setilaiti na chaneli yake. Mwaka 2011 walirusha setilaiti yao ya kwanza yenye misimbo.