Jiko la Umeme la Kioo Likipata Ufa: Chanzo Chake na Hatua za Kuchukua

Jiko la umeme lenye uso bapa wa kioo cheusi likipata ufa, hata ulio mwembamba kama unywele, halipaswi kuendelea kutumika mpaka kioo chake kibadilishwe. Onyo hilo huandikwa na watengenezaji katika vitabu vya maelekezo ya majiko ya aina hiyo, na msingi wake ni usalama wa mpishi dhidi ya kupigwa na umeme. Watumiaji wengi huuchukulia ufa kuwa kasoro ya sura tu kwa sababu jiko huendelea kuwaka na kuivisha chakula kama kawaida.

Kioo kinachotumika katika majiko hayo ni kioo cha kauri, ambacho si sawa na kioo cha dirisha. Asili yake ni mwaka 1953, pale mwanakemia wa Marekani, Donald Stookey wa kampuni ya Corning, alipokuwa akipasha kipande cha kioo katika tanuri lililopitiliza joto hadi kufikia takribani nyuzi 900 za Selsiasi. Badala ya kuyeyuka, kipande hicho kiligeuka kuwa na chembechembe ndogo za fuwele na kikawa kigumu zaidi. Aina inayotengenezewa majiko ina sifa moja kubwa: haitanuki inapopata moto wala haisinyai inapopoa, isipokuwa kwa kiasi kidogo mno. Ndiyo maana sehemu ya kupikia inaweza kuwa nyekundu kwa joto huku ukingo wa kioo hichohicho ukiwa wa vuguvugu, na kioo kisipasuke.

Kwa sababu hiyo, joto peke yake si chanzo cha kawaida cha ufa. Kioo hicho hushindwa pale uso wake unapojeruhiwa, kwa kuwa kila kishimo au mkwaruzo wa kina ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia.

Sukari iliyomwagika

Chukulia mfano wa mpishi anayechemsha shira ya visheti. Shira inafurika na kutiririka hadi kwenye duara la moto. Maji yake yanakauka mara moja, na sukari inayobaki inayeyuka, inakuwa kahawia na kugandamana na kioo. Katika hatua hiyo kioo bado hakijapata madhara. Madhara hutokea baada ya jiko kuzimwa. Sukari iliyoganda husinyaa kadiri inavyopoa, lakini kioo kilicho chini yake hakisinyai. Kwa kuwa vimeshikamana, sukari hukivuta kioo na hatimaye kubandua vipande vyembamba kutoka usoni mwake. Asubuhi mpishi anapokwangua sukari hiyo hukuta vishimo vidogo vinavyong'aa.

Hali ni hiyohiyo kwa chai ya maziwa iliyotiwa sukari, jemu, kashata, na plastiki au karatasi ya alumini inayoyeyukia juu ya kioo. Tofauti na uchafu mwingine, ambao husubiri jiko lipoe, sukari huondolewa ikiwa bado ya moto. Sufuria hutolewa, moto huzimwa, na sukari hukwanguliwa mara moja kuelekea sehemu isiyo na joto kwa kikwanguo chenye wembe kilichotengenezwa kwa ajili ya majiko ya kioo, mkono ukiwa ndani ya glavu nene na kavu ya jikoni. Mabaki hufutwa baada ya jiko kupoa.

Sufuria nzito

Uzito wa sufuria iliyotulia kwa kawaida hauvunji kioo, kwa sababu husambaa katika kitako chote. Hatari iko katika pigo linaloangukia mahali padogo: sufuria inayotua kwa ukingo wake, mfuniko unaoponyoka, au chupa ya viungo inayodondoka kutoka kabatini. Kitu chepesi kinachoangukia ncha yake kinaweza kufanya kile ambacho sufuria iliyojaa maharage haikufanya. Kuburuta sufuria ya chuma yenye kitako cha kuparuza, au yenye chembe ya mchanga chini yake, huacha mikwaruzo inayodhoofisha kioo polepole. Hivyo ufa unaweza kuonekana siku ambayo hakuna kilichoanguka, ilhali jeraha lake lilikuwapo tangu zamani.

Umbo la ufa husaidia kutambua chanzo. Mistari kadhaa inayotawanyika kutoka nukta moja huashiria pigo. Ufa unaoanzia kwenye kishimo humrejesha mchunguzi kwenye sukari. Ufa unaoanzia ukingoni pasipo alama ya pigo unaweza kutokana na ufungaji uliokibana kioo.

Mkwaruzo au ufa?

Ukaguzi hufanyika jiko likiwa limepoa na umeme umekatwa. Michirizi ya kijivu ambayo ukucha haiisikii kwa kawaida ni alama za sufuria za alumini, nayo husafishika. Mkwaruzo huishia usoni. Ufa huingia ndani ya kioo, na tochi ikimulikwa kwa ubavu huonekana kama utando mwembamba unaong'aa chini ya uso. Vishimo vidogo visivyo na mstari wowote havilazimu jiko kuachwa, ila vinahitaji kuangaliwa mara kwa mara. Penye shaka, alama ichukuliwe kuwa ni ufa.

Kwa nini jiko lisitumike

Kioo ndicho kizuizi pekee kati ya mpishi na sehemu zenye umeme. Katika majiko ya kawaida ya aina hiyo, waya za kupashia moto ziko wazi chini ya kioo, nazo hubeba umeme wa volti 230. Maji, mchuzi au chai ikipenya kwenye ufa na kuzifikia, inaweza kuupitisha umeme hadi kwenye sufuria au kwenye mkono unaofuta kwa kitambaa chenye maji. Jiko la induksheni nalo halina nafuu, kwa sababu chini ya kioo chake kuna koili na saketi za umeme. Kutumia duara lisilo na ufa pia si salama: kioo ni kimoja, ufa huweza kurefuka, na kimiminika hutiririka.

Ufa unapoonekana, umeme ukatwe kwenye swichi ya jiko iliyo ukutani au kwenye sakiti breka. Kugusa kitufe cha kuzimia kilicho juu ya kioo hakutoshi, kwani umeme hubaki ndani ya jiko. Sufuria iondolewe baada ya umeme kukatwa, na uso usifutwe kwa maji kabla ya hapo. Ikiwa kimiminika kimekwisha kuingia, umeme usirejeshwe hata kwa kujaribu.

Gundi si tiba. Hata gundi inayostahimili joto haikirudishii kioo nguvu yake wala haihakikishi kwamba maji hayatapenya. Kinachotakiwa ni kioo kipya kinacholingana na namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha jiko, kikifungwa na fundi umeme mwenye sifa, ambaye atapima pia usalama wa umeme kabla ya kuliwasha. Nchini Tanzania, mafundi wa ufungaji wa umeme hupewa leseni na EWURA. Bei ya kioo ni vyema ilinganishwe na ya jiko jipya kabla ya kukiagiza, kwa kuwa mara nyingi kioo ni miongoni mwa sehemu za gharama kubwa zaidi.