Moshi wa buluu (injini ya petroli)

Moshi wa buluu-kijivu unaotoka kwenye ekzosi dereva anapokanyaga mafuta ni dalili kwamba oili inaungua ndani ya silinda. Katika injini iliyotembea kilomita nyingi, mara nyingi chanzo ni ringi za pistoni. Moshi ukitoka kwa muda mfupi tu gari linapowashwa asubuhi, kwanza hushukiwa sili za vali zilizokauka.

Mfano unaojulikana sana ni injini ya Toyota 2AZ-FE ya lita 2.4, iliyofungwa kwenye RAV4, Camry na Alphard nyingi zinazotembea Afrika Mashariki. Katika matoleo ya miaka ya 2006 hadi 2011 hivi, matundu ya kurudishia oili nyuma ya ringi ya oili huziba kwa masizi. Ringi hiyo hunata, inashindwa kukwangua ukuta wa silinda, na oili inayobaki huungua.

Hapa kipimo cha kompresheni hudanganya mafundi wengi: ringi mbili za juu zikiwa nzima, kipimo husoma vizuri huku oili ikizidi kupungua. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kujaza oili hadi alama ya juu ya dipstiki, kutembea kilomita 1,000, kisha kupima kiasi kilichopungua gari likiwa mahali tambarare. Toyota yenyewe iliona lita moja kwa takriban kilomita 2,000 kuwa imezidi, na ikabadilisha pistoni pamoja na ringi. Oili nzito hupunguza moshi tu. Matundu hubaki yameziba.