Bi Hawa alishinda hoja, akakosa nyumba

Wanasheria wa Tanzania huitaja kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu kana kwamba mama huyo aliondoka mahakamani na funguo mkononi. Hakupata hata chumba.

Walioana mwaka 1971, mwaka uleule Bunge lilipopitisha Sheria ya Ndoa. Ndoa ilipovunjika, Bi Hawa aliomba mgawo wa nyumba waliyokuwa nayo. Mahakama ya mwanzo ilimkatalia: nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume, naye alikuwa mke tu. Mahakama Kuu nayo ikamrudisha mikono mitupu.

Kikwazo kilikuwa kifungu cha 114. Kinairuhusu mahakama kugawa mali zilizopatikana wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja, na kinaitaka iangalie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Je, kupika, kufua na kulea ni kazi ya aina hiyo? Majaji walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema huo ni wajibu wa mke, haujengi nyumba.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilimaliza ubishi: kazi za nyumbani ni mchango. Anayebaki na watoto na sufuria ndiye anayempa mwenzake nafasi ya kwenda kutafuta.

Lakini rufaa yenyewe ilitupwa. Mume alikuwa amempa Bi Hawa fedha nyingi aanzishe mradi wa familia, naye akazitapanya. Majaji wakaona fungu lake alikwisha kulipokea. Kwa maoni yangu hesabu hiyo ilikuwa kali, ila ndiyo iliyoacha somo ambalo wadai wengi hulisahau: kazi ya nyumbani inafungua mlango, haitoi nusu moja kwa moja. Sheria inaielekeza mahakama kuelemea usawa, lakini baada ya kupima mchango, madeni ya familia, mahitaji ya watoto wadogo na mila za jamii husika.

Chukulia mke asiye na mshahara, na kiwanja kilichoandikwa jina la mume. Jina hilo humfanya mume adhaniwe kuwa mwenye mali, mpaka dhana hiyo ivunjwe kwa ushahidi. Hapo anahitajika fundi aliyesimamiwa na mke wakati msingi ukichimbwa, au jirani aliyemwona akipika chakula cha mafundi. Hata kiwanja kilichonunuliwa kabla ya ndoa huingia kwenye mgawo kama kimeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mke au kwa juhudi za wote wawili.

Na kabla ya yote hayo lipo baraza la usuluhishi la ndoa. Likishindwa kuwapatanisha, hutoa hati ya kuthibitisha hivyo. Isipokuwapo hati hiyo, na hakuna sababu maalumu inayokubalika kisheria, shauri huweza kufutwa hata likiwa limefika rufani, talaka na mgawo vikaanguka pamoja.